UZI: Boksi la taa ninalo, lakini picha za hereni zinatoka na chenga na haziko kali. Nakosea wapi?

ShangaZaTabata
Habari za jioni wakuu. Ninatengeneza hereni na vidani vya shanga pamoja na vya fedha, nauza zaidi mtandaoni. Mwezi uliopita nimenunua lile boksi jeupe la kukunja la kupigia picha bidhaa, sentimita 40 kila upande, lina ukanda mmoja wa taa ndogo za LED juu na linatumia waya wa USB. Napiga kwa simu.

Tatizo ni kwamba kwenye kioo cha simu picha inapendeza, ila ukivuta kuangalia karibu unakuta chenga kwenye sehemu nyeusi, na shanga zinaonekana kama zimepakwa nta, ule mkato wa tundu hauonekani. Usuli nao si mweupe, ni kijivu. Kijana anayenisafishia picha kwenye kompyuta anasema nikimletea hivi hana la kufanya, akiongeza ukali chenga nazo zinakuwa kali. Nataka picha itoke safi kabla haijafika kwake. Ninunue taa gani?

Mwanaisha_Tenti
Dada tunakodisha tenti za harusi na misiba, zina taa ndani, nyeupe kabisa. Za watu 50 mpaka 300. Tupo Mbagala, tunafunga na kufungua wenyewe.

ShangaZaTabata
Mwanaisha mpenzi, tenti langu linaingia hereni mbili tu 😂

KipajiChaMwanga
Suluhisho rahisi: shusha ISO mpaka mwisho. ISO kubwa ndiyo inaleta chenga. Weka 50 au 100, maliza. Na taa usogeze mbali na boksi, mwanga wa mbali unakuwa laini.

MzeeLenzi
Hapo juu kuna nusu ya ukweli mara mbili, na nusu zilizobaki zitampotosha dada. Nitarudi kwenye hilo. Kwanza, Shanga, fungua picha moja kwenye simu, bonyeza sehemu ya maelezo, utuandikie namba za ISO na kasi iliyotumika. Na unashika simu mkononi?

ShangaZaTabata
Shikamoo mzee. Ndiyo, mkononi. Imeandika ISO 640, 1/50.

MzeeLenzi
Marahaba. Basi usinunue taa yoyote bado, nunua stendi.

Simu ilifanya hivi. Mwanga ndani ya boksi lako ni mdogo, na simu inajua mkono wa binadamu unatetemeka. Ikafungua kwa 1/50 ya sekunde tu, ikakusanya mwanga kidogo, halafu ikaukuza mpaka picha ionekane. Chenga zinatokana na huo uchache wa mwanga. ISO 640 inakuonyesha tu kwamba mwanga ulikuwa haba. Baada ya hapo simu yenyewe ikajaribu kuzifuta chenga kwa kulainisha, na katika kulainisha ikafuta na mkato wa shanga zako. Ndiyo hiyo nta unayoiona. Kijana wako hawezi kurudisha kilichokwisha kufutwa.

Sasa ushauri wa Kipaji. Ukishusha ISO kutoka 640 hadi 100 ukaacha kasi palepale 1/50, utapata picha nyeusi. Kijana ataivuta kwenye kompyuta iwe angavu, na chenga zilezile zitarudi, pengine na madoa ya rangi juu yake. ISO ndogo inasaidia pale tu unapolipa kwa mwanga. Na mwanga unalipwa kwa njia mbili, taa zaidi au muda zaidi. Hereni haina haraka, kwa hiyo lipa kwa muda, ni bure.

Hesabu yake: 640 ni kama mara sita na kitu ya 100, kwa hiyo muda nao uongeze mara sita na kitu. 1/50 inakuwa takribani 1/8. Hiyo ingekupa ung'avu uleule uliokuwa nao. Lakini picha yako ilikuwa na usuli wa kijivu, maana yake hata huo ung'avu haukutosha. Simu ikiona weupe mtupu inadhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, inaupunguza. Ongeza mara mbili tena, uende 1/4.

Kwa kifupi, hali ya Pro, ISO 100, 1/4, simu kwenye stendi. Kwa 1/4 hakuna mkono wa mtu utakaotulia, kwa hiyo na kitufe usikibonyeze, tumia taima ya sekunde 2.

KipajiChaMwanga
Sawa mzee, hapo nimekuelewa. Ila la taa mbali nasimama nalo.

MzeeLenzi
Jua liko mbali sana, na saa sita mchana kivuli chake kinakata kama wembe. Siku ya mawingu kivuli hakuna. Jua ni lilelile, kilichobadilika ni kwamba mwanga sasa unatoka kwenye anga zima badala ya kidoa kimoja. Kwenye boksi, kitambaa cheupe ndiyo mawingu. Ulaini unatokana na ukubwa wa eneo la kitambaa linalowaka, ukilinganisha na bidhaa.

Kwa hiyo ukiigandamiza balbu kwenye kitambaa kinawaka kidoa kama sahani, na kivuli kinakuwa kikali. Ukirudisha nyuma mpaka ubavu mzima wa boksi uwake sawasawa, umefika. Kwa boksi la sentimita 40 mara nyingi ni kama sentimita 20 au 30 hivi. Ukiendelea kurudi nyuma zaidi hupati ulaini wowote, unapoteza mwanga tu. Balbu tupu ukiizidishia umbali mara mbili, kinachofika kinabaki kama robo.

Chapati_na_Chai
Mimi napiga sambusa na vitumbua kwa ajili ya stetasi, natumia dirisha tu saa nne asubuhi na shuka jeupe upande wa pili, picha zinatoka safi kuliko hata hayo maboksi. Mbona mnajisumbua?

PwaniStudio_Msa
@Chapati dirisha ni zuri sana, mimi pia natumia nikiwa napiga vyakula. Shida yake ni kwamba dada ana bidhaa mia, leo anapiga ishirini, kesho ishirini, wingu likipita katikati rangi zinageuka. Mteja akiweka picha mbili pamoja anaona fedha moja ya bluu na nyingine ya njano.

Na kibaya zaidi ni kuchanganya. Nimewahi kupiga vikombe karibu na dirisha huku taa ya LED ya njano ikiwaka upande wa pili. Kila kikombe kilikuwa na shavu la bluu na shavu la chungwa. Hakuna mpangilio wa rangi unaoweza kurekebisha pande mbili kwa pamoja. Funga pazia, zima taa ya darini, acha taa za boksi peke yake. Mimi siku hizi napiga usiku.

ShangaZaTabata
Nimerudi na ripoti. Nimeazima stendi kwa jirani, nikaweka ISO 100, 1/4, taima sekunde 2. Usuli umekuwa mweupe, chenga zimepungua sana, sikuamini. LAKINI hereni za kuning'inia zimetoka na ukungu, kama zina kivuli chake pembeni. Ile ndoano niliyoziningʼiniza imetoka kali kabisa. Stendi mbovu?

MzeeLenzi
Hapana, stendi ni nzima, na umejijibu mwenyewe bila kujua. Ndoano kali, hereni ukungu. Ingekuwa stendi imetikisika, vyote viwili vingecheza, tena kuelekea upande mmoja. Kilichotembea ni hereni. Kuna feni hapo?

ShangaZaTabata
Mzee, hii ni Dar, feni lazima 🙈

MzeeLenzi
Zima feni, subiri dakika moja, halafu piga. Au usizining'inize, zilaze juu ya kipande cha karatasi ngumu chenye mwinamo. Ukiwa ghorofani, au jenereta liko jirani, angalia pia meza isitetemeke. Weka glasi ya maji juu yake, maji yakicheza na picha itacheza.

Ukiona ukungu kwingine, uutambue hivi. Mbele kali nyuma ukungu, au kinyume chake, hapo ni fokasi, haikukaa ulipotaka. Picha nzima laini bila kuelekea popote, futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi, mafuta ya vidole ndiyo mchawi wa nyumbani. Ikiwa bado laini, umesogea karibu kuliko lenzi inavyoweza.

Kijana_wa_Posta
Hilo la kusogea karibu nilipigwa nalo mimi. Simu yangu nikisogea kama sentimita 7, picha inaruka kidogo kwenye kioo, kisha inakuwa kali. Kumbe imehama yenyewe kwenda lenzi ile pana, inaita makro. Lenzi hiyo ina kihisi kidogo, chenga zake ni balaa hata mwanga ukiwa mzuri. Nilikuja kugundua kwa kuziba lenzi moja moja kwa kidole. Nikaziba lenzi kubwa, picha haikuzimika!

MzeeLenzi
Ujanja mzuri huo wa kidole, kila mtu aujaribu. Inatokea pia ukibonyeza kukuza mara mbili au tatu kwenye mwanga hafifu, baadhi ya simu zinaacha lenzi ya kuvuta na kukata tu katikati ya picha ya lenzi kuu bila kukuambia.

Shanga, tumia lenzi kuu, rudi nyuma hadi sentimita 25 au 30, hereni ikae katikati, halafu kata pembeni baadaye. Utapoteza pikseli, lakini zilizobaki ni za kweli. Kwa picha ya mtandaoni zinatosha.

PwaniStudio_Msa
Wenye kamera kubwa, kinyume chake pia kipo. Nilikuwa nafunga lenzi hadi f/22 ili pete nzima iwe kwenye fokasi. Kila kitu kilikuwa kwenye fokasi na hakuna kilichokuwa kikali. Nikarudi f/8, f/11 mwisho, ukali ukarudi. Tundu dogo sana linautawanya mwanga, na hapo huna stendi wala lenzi itakayokuokoa. Simu nyingi hamna shida hiyo, tundu lake halibadiliki.

ShangaZaTabata
Ahsanteni. Feni nimezima, nimerudi nyuma, shanga sasa zinahesabika. Yamebaki mawili. Moja, hereni za fedha zimepotea, zimekuwa nyeupe juu ya nyeupe, na katikati kuna mstari wa vidoti kama lulu. Mbili, shanga za bluu ndizo pekee bado zina chenga, nyekundu na nyeupe ziko safi. Kwa nini bluu tu?

KipajiChaMwanga
Bluu ni rangi ngumu kwa kamera, ndivyo ilivyo.

MzeeLenzi
Si bluu yenyewe. Shanga, ile taa ya boksi ina rangi ngapi?

ShangaZaTabata
Ina kitufe, nyeupe, katikati na njano. Naweka njano kwa sababu inapendezesha fedha.

MzeeLenzi
Ndiyo hapo. Taa ya njano ina mwanga mwingi mwekundu na bluu kidogo mno. Shanga ya bluu inarudisha bluu, na bluu yenyewe haikuletwa. Kwa hiyo ndani ya picha yako angavu, sehemu ya bluu imepigwa gizani. Halafu simu ikaweka sawa rangi kwa kuikuza hiyo bluu peke yake, na chenga zake zikakuzwa nayo. Ni ugonjwa uleule wa mwanzo, safari hii kwenye rangi moja.

Weka nyeupe. Ukinunua balbu, kwenye boksi lake tafuta 5000K mpaka 5600K, na kama limeandikwa Ra au CRI, iwe 90 kwenda juu, vinginevyo baadhi ya rangi za shanga zitachuja. Nunua mbili za aina moja, siku moja, duka moja. Kisha kwenye Pro funga WB, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, kwenye namba hiyohiyo, usiiache ijichagulie. Kama fedha unaitaka yenye joto, kijana aongeze joto baadaye. Kuongeza njano kidogo kwenye picha yenye bluu ya kutosha hakuumizi. Kuchimbua bluu isiyokuwepo ndiko kunakoleta chenga.

Fedha sasa. Fedha ni kioo. Haionyeshi rangi yake, inaonyesha chumba kilichoizunguka. Umeizungushia weupe pande zote, imekuonyesha weupe. Lulu ni zile taa ndogo za ukanda wako. Uzime ukanda, au ufunike kwa karatasi ile ya wachora ramani. Weka balbu mbili nje ya boksi, kushoto na kulia. Kisha kata karatasi ya manila nyeusi, vipande viwili vya upana wa sentimita 2 hivi, simamisha kimoja kila upande wa hereni, nje kidogo ya fremu. Angalia kwenye kioo huku ukivisogeza taratibu. Utaona mstari mweusi unaingia kwenye ukingo wa fedha, na hereni inatokea.

PwaniStudio_Msa
Hapo kwa manila mzee umesema kweli, ila vikiwa vipana fedha inageuka chuma. Nilianza na sentimita 5, mteja akaniuliza kama ni za bati. Na angalia tundu la mbele la boksi pia, wewe na simu yako nyeusi mnaonekana kwenye fedha. Mimi natundika karatasi nyeupe mbele, nimetoboa tundu la lenzi tu.

Kijana_wa_Posta
Swali la pembeni. Mimi nikipiga na balbu za umeme wa ukutani napata mistari ya giza inayopita kwenye picha. Kwa dada haijatokea. Kwa nini?

MzeeLenzi
Kasi yako ni ngapi?

Kijana_wa_Posta
1/320.

MzeeLenzi
Umeme wetu ni 50 Hz, na balbu za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/320 sehemu ya picha inasomwa taa ikiwa juu na nyingine ikiwa imezama. Tumia 1/100 au 1/50, au polepole zaidi, utakusanya mapigo kamili. Dada yuko 1/4, hawezi kuiona. Ila ukiwa na taa yenye kitufe cha kupunguza mwanga, yenyewe inaweza kupepesa kwa mwendo wake hata kwa USB. Iweke juu kabisa, ung'avu uurekebishe kwa muda.

MpigaHarusi
Mimi sikubaliani na kitu kimoja. Kwa simu, hali ya Pro inapiga picha moja tu. Hali ya kawaida inapiga kadhaa harakaharaka na kuziunganisha, chenga zinafutana. Nimejaribu saa za mkononi kwenye stendi, mwanga uleule, hali ya kawaida ilitoka safi kuliko RAW ya Pro.

MzeeLenzi
Safi, ndiyo. Ila uliangalia mikwaruzo midogo kwenye kamba ya ngozi? Kwangu hali ya kawaida iliifanya ngozi kama plastiki. Tena inajichagulia ISO na rangi kila picha.

MpigaHarusi
Niliangalia, kwangu ilibaki. Labda ni simu na simu.

PwaniStudio_Msa
Mimi katikati yenu. Piga tano za Pro mfululizo bila kugusa kitu, mwenye kompyuta azipandanishe atoe wastani. Chenga hazikai mahali pamoja, hereni inakaa. Ni kazi kweli, kwa bidhaa mia sijui kama utavumilia.

ShangaZaTabata
Jamani nimechelewa, umeme ulikatika. Nimepata balbu mbili za wati 15, zimeandikwa 5000K, nimeziweka sentimita 25 kutoka kwenye kitambaa. Mwanga umeongezeka, 1/4 ilikuwa inaunguza usuli, sehemu nyeupe zote zimepotea. Nikashusha ISO hadi 50, ndiyo mwisho wa simu yangu, nikabaki 1/5. Bluu imetulia! Manila nimekata sentimita 2, ukingo wa fedha unaonekana. Kijana kaniuliza nimenunua kamera gani.

Kimebaki kimoja. Hereni ya fedha ina kidoti kimoja cheupe kabisa, kinapiga. Nikipunguza muda mpaka kipotee, shanga nyeusi iliyo chini yake inarudisha chenga.

MzeeLenzi
Kidoti kiache. Hicho ni taswira ya taa yenyewe, na fedha bila kidoti inaonekana kama imekufa. Pima muda wako kwa usuli na kwa mwili wa hereni, uwe angavu kadiri inavyowezekana kabla weupe haujaungua. Chenga kagua kwenye shanga nyeusi, ukiwa umeivuta picha mpaka mwisho, huko ndiko zinakojificha.

Kama shanga nyeusi bado inakusumbua, weka kipande cha karatasi nyeupe cha ukubwa wa kiganja chini mbele yake, nje ya fremu, kirudishe mwanga juu.

ShangaZaTabata
Najaribu usiku huu umeme ukitulia.

Mwanaisha_Tenti
Na jenereta tunakodisha dada 😊

MzeeLenzi
Mwanaisha, hilo liwe mbali na meza yake.